Dakika Tatu za Mengineyo

Dakika tatu za kuzungumza kwa Kiswahili mbele ya watu ni maneno 300 hivi, au 350 kwa mwenye ulimi mwepesi. Vitabu vya kufundisha hotuba vilivyoandikwa kwa Kiingereza hutaja maneno 400 na zaidi, na anayefuata hesabu hiyo kwa Kiswahili hukatizwa akiwa bado katikati ya hoja. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo maneno yetu ni marefu na hukaa mdomoni muda mrefu zaidi. Maneno 300 ni machache sana. Ukitoa salamu na shukrani kama tulivyozoea kuzitoa, yanaweza kubaki 200 kabla hujaigusa hoja yenyewe.

Nitaeleza jinsi ya kuyapanga maneno hayo kwa kufuata kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji Tanzania. Mkutano huu kisheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Agenda huwa nyingi: taarifa ya mapato na matumizi, barabara, ulinzi, migogoro ya mashamba. Mwisho kabisa huja mengineyo, wakati watu wamechoka, waliokaa pembeni wameanza kusimama na mwenyekiti anatazama saa. Hapo ndipo mwananchi wa kawaida hupata nafasi yake. Tumchukulie mama mmoja, mjumbe wa kamati ya shule ya msingi, ananyosha mkono. Anataka wazazi wachangie chakula cha mchana cha watoto wao. Mwenyekiti anamwambia, "Haya mama, dakika tatu."

Wengi wakijiandaa kwa nafasi kama hiyo huanza kufikiria watafungua vipi. Mimi nashauri kalamu ianzie mwisho. Kabla ya kitu kingine chochote, mama huyu aandike sentensi moja inayosema anataka watu wafanye nini. Kisha aipime kwa swali hili: kesho asubuhi, tutajuaje nani amefanya na nani hajafanya? "Tuwajali watoto wetu" haipiti kipimo hicho. "Tushirikiane na walimu katika suala la lishe" nayo haipiti. Ombi lisilopimika hupigiwa makofi na watu hutawanyika, kwa sababu hakuna aliyeombwa kitu.

Ili ombi lake lipimike, lazima apige hesabu. Tuseme kamati imekubaliana na mwalimu wa lishe kwamba mtoto mmoja apate makande ya gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194. Ukizidisha, mahindi yanakuwa kilo 19.4 na maharage yanakaribia kilo 6. Kilo 19 na ushee mkulima yeyote anazifahamu: ni debe moja. Basi ombi limepatikana. Debe moja la mahindi na kilo sita za maharage kwa kila mtoto kwa mwaka. Tazama hesabu hiyo imefanya nini. Kabla yake, mzazi alikuwa akisikia neno "mchango" na kuona kiza mbele yake, asijue kama ataombwa kidogo au kingi. Sasa ana kitu cha kukitazama akiwa amekaa palepale, na anaweza kukisia kama ghala lake litakimudu.

Baada ya ombi zinafuata hoja, na hapa ndipo hotuba nyingi fupi zinapopoteza nguvu. Rasimu ya kwanza ya mtu mwenye nia njema huwa na hoja tatu za namna hii: watoto wakila watasikiliza vizuri darasani, watafaulu mitihani, na hawatatoroka shule. Zinaonekana tatu, lakini ni moja iliyovalishwa nguo tatu, yaani chakula kina faida. Tena hakuna mtu hata mmoja katika mkutano ule anayeipinga. Kumshawishi mtu juu ya jambo analolikubali tayari ni kumaliza dakika mbili bila kusogea hatua.

Hoja inayofaa ni ile inayojibu kile kinachomzuia msikilizaji. Kwa hiyo swali la mwandishi wa hotuba lisiwe "jambo langu lina uzuri gani?" Liwe "mtu huyu ana sababu gani ya kukataa?" Na sababu hizo huwezi kuzibuni ukiwa nyumbani. Zinasikika kwenye mashine ya kusaga, bombani na vijiweni siku chache kabla ya mkutano. Mama wetu akisikiliza atapata tatu. Ya kwanza ni "sina, mwaka huu mavuno si mazuri." Ya pili ni "tulishachanga zamani, mahindi yakaishia tusikokujua." Ya tatu ni "si tuliambiwa elimu bure?"

Mfano wa kupanga hoja kwa kufuata mashaka ya wasikilizaji tunao nyumbani. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Mwalimu Julius Nyerere alizungumza Dar es Salaam kulitangazia taifa kwamba Tanzania itapigana. Hotuba yenyewe ilizidi dakika tatu kwa mbali, ila hata ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile wanajua nguzo zake: sababu, nia na uwezo. Watu husifu jinsi maneno hayo yanavyopendeza masikioni, nami nakubali. Lakini yatazame kama majibu. Anayeambiwa nchi yake inaingia vitani ana maswali ambayo kila moja linasimama peke yake: je, ni haki? Je, viongozi wamekusudia kweli, au ni maneno tu? Je, tutaweza? Nguzo moja ikiondolewa, swali moja linabaki bila jibu. Ndiyo maana zilikuwa tatu. Kama wasikilizaji wangekuwa na maswali mawili, mawili yangetosha.

Katika dakika tatu, mawili kwa kawaida ndiyo yanayotosha. Hoja moja yenye maelezo ya kueleweka hula maneno 50 hadi 90. Ukiweka tatu, kila moja inabaki kichwa bila kiwiliwili. Mama wetu lazima aache moja. Mimi ningeacha ile ya elimu bure, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Ada ilifutwa katika shule za msingi za serikali mwanzoni mwa miaka ya 2000, na katika sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, mwaka 2016, na mjadala wa nini kimefutwa na nini kimebaki mikononi mwa mzazi una nyaraka na maelezo yake. Mjumbe wa kamati akiingia humo, dakika zake zitaliwa na mabishano ambayo mtendaji wa kijiji au mwalimu mkuu anayamudu zaidi yake. Mtu akimrushia swali hilo kutoka nyuma, awe na sentensi moja tayari: "Ada imefutwa, na mimi siombi ada, naomba chakula kitakachoingia tumboni mwa mwanao." Kisha arudi pale alipoachia.

Zinabaki "sina" na "yataliwa." Ipi itangulie? Nadhani uwezo uanze, uaminifu ufuate, kwa sababu shaka ya uaminifu ndiyo nzito zaidi, na inayosemwa karibu na mwisho ndiyo inayobaki kichwani mtu anapoamua. Lakini shaka ya uaminifu haijibiwi kwa maneno. "Naomba mtuamini safari hii" ni sentensi inayoongeza wasiwasi. Inajibiwa kwa utaratibu ambao hauhitaji kumwamini mtu yeyote. Kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, na hesabu kubandikwa mahali pa wazi. Hayo lazima yakubaliwe kwenye kamati kabla ya mkutano. Hotuba haiwezi kuahidi ambacho hakijapangwa, na swali la kwanza kutoka kwa wasikilizaji litaifichua.

Sasa ndipo tufikirie ufunguzi. Kazi yake ni kumtoa mtu kwenye mawazo ya kuondoka na kumwingiza kwenye jambo lako ndani ya sekunde 20 hadi 30. Tumezoea kutumia methali, utani au swali la jumla, kama "nani hapa hapendi maendeleo?" Methali humwambia msikilizaji kwamba anachokuja kusikia ameshakisikia. Utani huvuta masikio, lakini ukiwa hauhusiani na ombi, unahitaji sekunde nyingine za kuwarudisha watu kwenye jambo. Ufunguzi mzuri ni sehemu ya hoja yenyewe. Ni jambo la kweli, linaloonekana, ambalo msikilizaji analijua ila hajawahi kulitazama namna hiyo. Mama wetu analo mbele yake. Mkutano unafanyika saa nane mchana siku ya kazi, shule iko juu ya kilima, na watoto bado wako darasani.

Hotuba yake basi inaweza kuwa hivi:

"Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Wazazi wenzangu, poleni na mkutano.

"Sasa hivi ni saa nane. Kila aliyekaa hapa ameshatia kitu tumboni. Watoto wetu wako pale juu darasani. Wanaotoka ng'ambo ya mto waliamka saa kumi na moja alfajiri, na wengi wao hawajala kitu mpaka sasa. Hesabuni wenyewe. Ni saa tisa nzima bila chakula.

"Nina ombi moja. Kila mzazi alete debe moja la mahindi na kilo sita za maharage kwa kila mtoto, ili mtoto huyo ale makande mchana mwaka mzima.

"Wapo wanaosema, sina. Nami ni mkulima, mwaka huu naujua. Lakini debe hilo halitakiwi leo. Nusu tutaleta tukimaliza kuvuna, nusu tutaleta shule zikifunguliwa Januari. Asiye na mahindi atakuja kuzungumza na kamati, na mwanae hatafukuzwa kwenye foleni ya chakula. Tena hilo si debe la kumpa mtu mwingine. Ni chakula cha mwanao kilekile, kinahama jiko tu.

"Wapo wanaosema, yataliwa na wakubwa. Wana haki ya kusema. Tulishawahi kuchanga hapa, na hesabu hatukusomewa. Safari hii stoo itakuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja atakaa nao mwalimu. Wa pili atakaa nao mzazi ambaye ninyi mtamchagua leo, hapa hapa. Hakuna atakayeweza kufungua peke yake. Na kila mwisho wa mwezi, kilichoingia na kilichotoka kitabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

"Mwenyekiti, nashukuru kwa nafasi. Daftari ninalo hapa mkononi. Mtu wa kwanza nimejiandika mwenyewe: watoto wawili, madebe mawili. Kabla hujaondoka, pita hapa uandike jina la mwanao. Debe moja, mtoto mmoja, mwaka mmoja."

Maneno hayo hayafiki 300. Kwa mwendo wa utulivu, pamoja na vituo, yanaingia ndani ya dakika tatu na kubakiza nafasi kidogo. Nafasi hiyo ni ya lazima. Mkutano wa hadhara hujibu. Mtu atasema "kweli!", mwingine ataguna, mtoto atalia, na baada ya "ni saa tisa nzima bila chakula" msemaji mwenyewe lazima anyamaze sekunde mbili ili hesabu iingie. Hotuba iliyojaza dakika tatu kamili nyumbani itafika tatu na nusu uwanjani.

Tazama ombi limekaa wapi. Limetajwa mara tu baada ya ufunguzi, kabla ya hoja. Wapo wanaopendelea kulificha hadi mwisho ili kwanza wawalainishe watu. Katika hotuba ndefu njia hiyo inaweza kufaa. Katika dakika tatu za mwisho wa mkutano ni hatari, kwa sababu msikilizaji aliyechoka anajiuliza tangu mwanzo, "huyu anataka nini?" na hatasikia hoja yoyote mpaka ajibiwe. Akishalijua ombi, shaka zake zinaamka, na hapo hasa ndipo mama anapozitaja kwa maneno ya watu wenyewe: wapo wanaosema hivi.

Maneno hayo, "wapo wanaosema," yamerudiwa kwa makusudi. Msomaji wa gazeti anaiona aya mpya kwa macho. Msikilizaji haoni aya. Asipopewa alama ya sauti, hoja mbili zinamwagikiana na anabaki na ukungu. Kuanza kila hoja kwa maneno yale yale, baada ya kituo kifupi, kunamwambia kwamba tumemaliza moja na tunaingia nyingine. Ni bora kuliko "kwanza, pili, tatu," kwa sababu namba hupanga tu, ilhali maneno haya yanamwonyesha mtu kwamba shaka yake imesikika na haijadharauliwa. Mama pia anakiri kuwa hesabu haikusomwa zamani. Asingekiri, mtu mmoja angesimama na kulisema hilo mara tu akikaa, na yote yaliyotangulia yangeanguka.

Salamu nazo zinataka busara. Huwezi kusimama mbele ya wazee ukaanza na hoja bila shikamoo. Watakuona huna adabu na hawatasikia ya pili. Lakini kuna tofauti kati ya adabu na orodha. Kumshukuru Mungu, kisha mwenyekiti, mtendaji, diwani, mabalozi, wageni waalikwa na wote waliohudhuria kila mmoja kwa cheo chake kunaweza kula sekunde 40, yaani karibu robo ya muda wote. Kwenye hafla rasmi tunayo njia inayokubalika, "itifaki imezingatiwa," na kwenye mkutano wa kijiji salamu moja kwa kiti na moja kwa wazee inatosha.

Ugumu wa desturi unaonekana zaidi mwishoni. Tumelelewa kumaliza kwa "ni hayo tu machache, asanteni kwa kunisikiliza." Sentensi hiyo ina adabu, lakini ikiwa ndiyo ya mwisho kusikika, watu wataondoka nayo hiyo. Dawa yake si kuacha kushukuru. Shukrani isogezwe mbele kidogo, kama mama alivyofanya kabla ya kutaja daftari, ili sentensi ya mwisho iwe ya ombi. Baada ya "mwaka mmoja" anyamaze, asimame sekunde moja akiwatazama watu, kisha aende mezani na daftari lake. Asiongeze neno.

Kuhusu maneno ya kukumbukwa, siri yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. "Debe moja, mtoto mmoja, mwaka mmoja" halina picha wala fumbo. Lina vipande vitatu vya urefu unaokaribiana, neno moja linarudi katika kila kipande, na kila kipande kina habari: kiasi gani, kwa nani, kwa muda gani. Mama aliyemsikiliza akifika nyumbani na kuulizwa na mumewe ambaye hakuhudhuria, "mlizungumza nini?", jibu liko tayari mdomoni, nalo ni ombi kamili. Maneno matamu yasiyobeba ombi, kwa mfano "tuwashibishe leo watuongoze kesho," yatakumbukwa pia, lakini yule mume hatajua anatakiwa kufanya nini.

Mazoezi yafanyike kwa sauti, kwa saa ya simu, ukiwa umesimama. Kusoma kimoyomoyo hudanganya kwa sababu jicho hukimbia kuliko ulimi. Sekunde 30 za kwanza na sekunde 20 za mwisho zishikwe neno kwa neno. Katikati inatosha kushika mpangilio na hesabu. Kisha mtafute mtu ambaye hajui lolote kuhusu jambo hilo, msomee mara moja, subiri saa moja mzungumze mengine, halafu muulize umeomba nini na kwa nini ukubaliwe. Akikupa ombi na angalau hoja moja, mpangilio unafanya kazi. Akikusifu kwamba umeongea vizuri lakini hakumbuki debe, rudi kwenye karatasi. Mara nyingi utakuta ombi limezungukwa na maneno mengi kiasi cha kutoonekana.

Upo mpaka ambao mpangilio hauwezi kuuvuka. Kama mama huyu alikuwamo katika kamati iliyopoteza mahindi ya zamani, kufuli mbili hazitamsaidia. Watu watamtazama yeye, si hoja yake. Afadhali karatasi hiyo hiyo asome mzazi mwingine ambaye jina lake halina doa, na yeye akae chini.

Na mwenyekiti anaweza kubadilisha mawazo: "Mama, jua limekwenda, fanya dakika moja." Hilo hutokea sana, na aliyejiandaa vibaya hujaribu kusema yote kwa haraka mara tatu. Aliyeanza kuandika kwa ombi anajua cha kukata. Hoja ya uwezo inaondoka, kwa sababu debe moja linajieleza lenyewe kwa mkulima. Ufunguzi unabaki sentensi mbili, saa nane na watoto walioko darasani. Ombi linabaki zima. Kufuli mbili zinabaki, kwa sababu bila hizo hakuna atakayeandika jina. Daftari na maneno ya mwisho havikatwi. Hayo ni maneno 90 hivi, na dakika moja inayatosha.